Kugawana Kusoma Waraka Mrefu Bila Kupoteza Kiini: Mfano wa Sura ya Fedha za Umma

Kila mwaka wakazi wa Kaunti ya Kiambu hualikwa kutoa maoni kuhusu nyaraka za fedha ambazo wengi wao hawana nafasi ya kuzisoma zote. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Taarifa ya Mkakati wa Fedha ifike katika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya siku waraka unapotolewa na siku ya kikao cha ushirikishaji wa umma, mkazi wa Makongeni anayetoka kazini jioni hubaki na saa chache tu za kusoma.

Ndiyo maana vikundi vingi hugawana kazi. Mmoja huchukua kurasa za mwanzo, mwingine za kati, mwingine za mwisho, kila mmoja akaandika muhtasari wake, kisha mihtasari hiyo ikaunganishwa kuwa mmoja. Njia hii inaokoa muda, lakini ina hatari yake. Kila msomaji anaweza kuwa amesoma sehemu yake vizuri, na bado muhtasari wa pamoja ukasema jambo ambalo waraka wenyewe hausemi. Makala haya yanaeleza makosa hayo hutokea wapi na namna ya kuyazuia, kwa kutumia waraka ambao kila Mkenya ana haki nao, yaani Sura ya Kumi na Mbili ya Katiba, inayohusu fedha za umma.

Kata kwa mada, si kwa kurasa

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ina sura 18, vifungu 264 na majedwali sita. Sura ya Kumi na Mbili inaanzia Kifungu cha 201 hadi cha 231, yaani vifungu 31, navyo vimepangwa katika sehemu saba. Chukulia majirani wanne wa Makongeni wanaotaka kuielewa sura hiyo kabla ya kikao cha bajeti, ili wajue kaunti yao inapata fedha vipi, nani anaweza kuzizuia na nani anazikagua.

Njia rahisi ni kuhesabu kurasa na kugawanya kwa nne. Ubaya wake ni kwamba ukurasa hauishii pale wazo linapoishia. Kifungu cha 203 ni mfano mzuri. Ibara yake ya pili inasema kwamba kila mwaka wa fedha, mgao wa serikali za kaunti kutoka kwa mapato yaliyokusanywa kitaifa hautapungua asilimia 15. Ibara ya tatu inasema kiasi hicho kitakokotolewa kwa kutumia hesabu za mapato za hivi karibuni zaidi ambazo zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Ukurasa ukikatika kati ya ibara hizo mbili, msomaji wa kwanza atabaki na asilimia bila kujua ni asilimia ya hesabu za mwaka gani. Msomaji wa pili atakutana na maneno "kiasi hicho" yakianza ukurasa wake, bila kujua ni kiasi gani.

Kwa hiyo ukataji ufuate mipaka ya waraka wenyewe: sura, sehemu, kifungu. Kifungu kisikatwe katikati. Kwa majirani hawa wanne, mgawanyo unaofaa ni huu:

Msomaji wa kwanza: Kifungu cha 201 hadi 208, kuhusu kanuni za fedha, ugavi wa mapato na hazina za umma.

Msomaji wa pili: Kifungu cha 209 hadi 214, kuhusu kodi na madeni.

Msomaji wa tatu: Kifungu cha 215 hadi 224, kuhusu ugavi wa mapato kwa kaunti, bajeti na matumizi.

Msomaji wa nne: Kifungu cha 225 hadi 231, kuhusu udhibiti wa fedha na maafisa wanaozisimamia.

Mafungu haya hayalingani kwa idadi. Wa pili ana vifungu sita na wa tatu ana kumi. Hilo si tatizo. Ni afadhali mmoja asome kidogo zaidi kuliko wazo moja ligawanywe kwa watu wawili.

Kabla ya kugawana: maana za maneno na marejeo

Hata waraka ukikatwa vizuri, kuna mambo mawili ambayo hayakai ndani ya fungu moja. La kwanza ni maana za maneno. Katiba imeweka maana za maneno yake katika Kifungu cha 260, karibu na mwisho kabisa, mbali na mahali maneno hayo yanapotumika. Sheria nyingi hufanya kinyume na kuziweka mwanzoni. Vyovyote vile, maana hizo ni za wasomaji wote, si za yule tu aliyepewa kurasa hizo.

Msomaji wa nne atakuta katika Kifungu cha 229 kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapaswa kukagua na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika. Mwaka wa fedha unamalizika lini? Sura ya Kumi na Mbili haijibu. Jibu liko katika Kifungu cha 260, kinachosema mwaka wa fedha ni miezi 12 inayoishia Juni 30, au siku nyingine itakayowekwa na sheria ya taifa. Bila jibu hilo, msomaji anaweza kuhesabu miezi sita kuanzia Desemba na kuingoja ripoti hadi katikati ya mwaka unaofuata. Akiwa nalo, anajua kwamba muda wa ripoti unaishia Desemba 31.

La pili ni marejeo, yaani pale kifungu kimoja kinapomtuma msomaji kwenda kingine. Baadhi ya vikundi hujaribu kulitatua kwa kumtaka kila msomaji asome pia kifungu kimoja kabla ya fungu lake na kimoja baada yake. Hatua hiyo ni nzuri kwa mambo yanayopakana, lakini haisaidii pale rejeo linaporuka mbali. Kifungu cha 219 kiko kwa msomaji wa tatu, na kinamtegemea msomaji wa nne mwenye Kifungu cha 225. Kifungu cha 217 kilibadilishwa kwa muda na Jedwali la Sita, ambalo halimo hata katika sura hii.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugawana, mtu mmoja apitie waraka wote haraka. Hausomi kwa kina. Anatafuta vitu viwili tu: maneno yaliyopewa maana maalum, na kila mahali palipotajwa namba ya kifungu kingine. Anaviandika kwenye karatasi moja ambayo kila msomaji anapewa nakala. Kwa sura hii, kazi hiyo ni ya jioni moja.

Kadi kwanza, muhtasari baadaye

Kosa lililo la kawaida zaidi ni kila msomaji kuandika aya ya muhtasari moja kwa moja. Mtu anapofupisha kwa mtiririko wa maneno, vitu vidogo ndivyo vinavyoanguka kwanza: "isipokuwa", "na", "angalau", "kwa idhini ya". Katika sheria na bajeti, vitu hivyo vidogo mara nyingi ndivyo vyenye uzito.

Ni bora kila jambo lipate kadi yake. Kipande cha karatasi ya daftari kinatosha. Kila kadi iwe na nafasi sita zilezile, na nafasi isiyo na jibu iandikwe "hakuna" badala ya kuachwa wazi, ili ijulikane kwamba msomaji alitafuta na hakukuta:

Nani anayehusika.

Afanye nini, na kama ni lazima au ni hiari.

Kiasi gani, na ni kiasi cha nini.

Kwa muda gani.

Isipokuwa lini, au kwa masharti gani.

Kifungu namba ngapi.

Kadi ya msomaji wa pili kuhusu mikopo, kutoka Kifungu cha 212, ingekuwa hivi. Nani: serikali ya kaunti. Nini: inaweza kukopa, ni hiari. Kiasi: hakuna. Muda: hakuna. Masharti: serikali ya kitaifa iudhamini mkopo huo, NA bunge la kaunti liidhinishe. Kifungu: 212.

Neno "na" limeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu masharti hayo ni mawili na lazima yatimizwe yote. Likigeuka kuwa "au" wakati wa kufupisha, au sharti moja likiachwa, wakazi wataenda kwenye kikao wakiamini kwamba bunge la kaunti peke yake linaweza kuruhusu mkopo.

Nafasi ya pili nayo inahitaji uangalifu kwa sababu nyaraka nyingi za fedha hutolewa kwa Kiingereza na kufupishwa kwa Kiswahili. Katika tafsiri ya haraka, neno la lazima na neno la hiari yote mawili hugeuka kuwa "serikali itafanya". Kadi inamlazimu msomaji achague: ni lazima, au inaweza?

Kuunganisha: muhtasari wa kwanza na makosa yake

Chukulia sasa kwamba majirani hawa hawakutumia kadi. Kila mmoja aliandika aya, na mmoja wao akaziunganisha. Hivi ndivyo matokeo yanavyoweza kuwa:

"Kaunti hupata asilimia 15 ya mapato ya nchi. Njia ya kugawa fedha hizo hubadilishwa kila miaka mitano. Fedha za kaunti haziwezi kukatwa. Waziri wa Fedha anaweza kuzuia nusu ya fedha za kaunti kwa siku 60. Kaunti inaweza kukopa kwa idhini ya bunge lake."

Sentensi zote ni fupi na zinaeleweka, na kila moja imetokana na kitu kilichoandikwa kweli katika Katiba. Hata hivyo, karibu kila moja ina kasoro.

Sentensi ya kwanza ina kasoro tatu. Katiba haisemi kaunti zinapata asilimia 15. Inasema mgao wao hautapungua kiwango hicho, kwa hiyo unaweza kuwa juu yake. Pili, hiyo ni asilimia ya hesabu zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, ambazo zinaweza kuwa za miaka ya nyuma, wala si ya mapato ya mwaka unaoendelea. Tatu, kiwango hicho ni cha kaunti zote 47 kwa pamoja. Mtu akisoma "kaunti hupata" anaweza kudhani Kiambu peke yake ina haki ya asilimia 15.

Sentensi ya pili ni kweli kwa mujibu wa Kifungu cha 217, lakini haielezi kilichotokea miaka ya mwanzo. Jedwali la Sita, katika sehemu ya 16, lilisema kwamba maamuzi ya kwanza na ya pili ya Seneti kuhusu msingi wa kugawa mapato yangefanywa kwa vipindi vya miaka mitatu. Kipindi cha miaka mitano kilianza kutumika kwa uamuzi wa tatu, ambao Seneti iliupitisha Septemba 2020 baada ya mvutano mrefu. Msomaji anayelinganisha bajeti za miaka ya kwanza ya ugatuzi na za sasa anahitaji kujua hilo, la sivyo hesabu yake ya vipindi haitakubaliana na ya Seneti.

Sentensi ya tatu na ya nne zinapingana. Moja inasema fedha haziwezi kukatwa, nyingine inasema zinaweza kuzuiwa. Hapa ndipo mwunganishaji hujaribiwa kufanya moja kati ya mambo mawili mabaya: kufuta sentensi moja ili muhtasari usomeke vizuri, au kuziacha zote mbili na kumwachia msikilizaji mkanganyiko.

Njia sahihi ni kurudi kwenye waraka. Kifungu cha 219 kinasema mgao wa kaunti utapelekwa bila kucheleweshwa isivyofaa na bila makato, isipokuwa pale ambapo upelekaji huo umesimamishwa chini ya Kifungu cha 225. Maneno ya "isipokuwa" yalikuwa kwa msomaji wa tatu, ambaye hakuona umuhimu wake kwa kuwa hakuwa na Kifungu cha 225. Msomaji wa nne alikuwa na Kifungu cha 225, lakini hakujua kwamba kinatengua kanuni iliyoko kwa mwenzake. Waraka haujipingi. Una kanuni upande mmoja na hali ya kipekee upande mwingine, na mstari wa kukata ulipita katikati yake.

Sentensi ya nne yenyewe imepoteza mengi. Kifungu cha 225 kinasema sheria inaweza kumruhusu Waziri wa Fedha kusimamisha fedha, lakini kwa sababu tu ya ukiukaji mkubwa au ukiukaji unaorudiwarudiwa wa taratibu zilizowekwa na sheria hiyo. Kiasi kinachosimamishwa hakiwezi kuzidi asilimia 50 ya fedha zinazostahili kupelekwa kwa kaunti, na muda hauwezi kuzidi siku 60. Uamuzi unaweza kuanza kutekelezwa mara moja, lakini utahesabika kuwa umetanguka tangu mwanzo ikiwa Bunge la Taifa na Seneti hayatauidhinisha ndani ya siku 30. Kabla ya idhini hiyo, Mdhibiti wa Bajeti lazima awasilishe ripoti Bungeni, na kaunti inayohusika ipewe nafasi ya kujitetea mbele ya kamati. Muhtasari wa kwanza uliacha sababu, idhini na haki ya kujitetea, ukabaki na mamlaka ya Waziri peke yake.

Sentensi ya tano imeacha udhamini wa serikali ya kitaifa, kama ilivyoelezwa juu.

Kupanga kadi kwa mada

Kama majirani hawa wangekuwa na kadi, kazi ya kuunganisha ingekuwa tofauti. Kadi za wote wanne humwagwa juu ya meza moja na kupangwa upya kwa mada, bila kujali zilitoka kwa nani. Kadi ya Kifungu cha 219 na ya Kifungu cha 225 huangukia rundo moja, la "upelekaji wa fedha kwa kaunti", na karatasi ya marejeo huonyesha kwamba moja inaitaja nyingine. Kinachoonekana kama mgongano hufunuka kuwa kanuni na hali yake ya kipekee kabla mtu yeyote hajaandika sentensi.

Kupanga kwa mada kunafichua kosa jingine, la jambo moja kuhesabiwa mara kadhaa. Kanuni kwamba fedha hazitolewi katika hazina ya umma bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti imo katika Kifungu cha 206 kwa hazina ya taifa na Kifungu cha 207 kwa hazina ya kaunti. Kisha Kifungu cha 228 kinaongeza kwamba Mdhibiti hataidhinisha utoaji wowote mpaka aridhike kuwa umeruhusiwa na sheria. Msomaji wa kwanza na wa nne wote wataleta kadi kuhusu Mdhibiti. Katika aya zilizounganishwa haraka, kaunti itaonekana kama inapita kwenye milango miwili ya idhini. Kadi zikikaa pamoja, inaonekana ni mlango mmoja unaoelezwa mahali tofauti. Huandikwa mara moja, na namba za vifungu vyote huwekwa.

Kuna pia hatari ya kinyume, ya mambo mawili tofauti kuchanganywa kuwa moja kwa sababu yanafanana. Kifungu cha 204 kinaanzisha Hazina ya Usawazishaji, inayopata nusu asilimia ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa kila mwaka, nayo pia hukokotolewa kwa hesabu zilizokaguliwa. Lakini hazina hiyo ni ya huduma za msingi kama maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa kimaendeleo. Haiongezwi kwenye ule mgao wa asilimia 15 kwa kaunti zote. Mwunganishaji anayeona asilimia mbili za mapato na kuzijumlisha kuwa 15.5 atakuwa ameunda takwimu isiyo na maana. Nafasi ya tatu kwenye kadi, "kiasi cha nini", ndiyo inayozuia kosa hilo.

Muhtasari uliosahihishwa

Kutoka kwenye kadi zilizopangwa, muhtasari wa majirani hawa ungeweza kusomeka hivi:

"Kaunti zote 47 kwa pamoja zinapaswa kupata mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa mujibu wa hesabu za hivi karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa (203). Seneti huamua msingi wa kuugawa kati ya kaunti kila miaka mitano (217). Maamuzi mawili ya kwanza yalikuwa ya miaka mitatu (Jedwali la Sita, 16). Mgao hupelekwa bila kucheleweshwa isivyofaa na bila makato (219), isipokuwa Waziri wa Fedha akiusimamisha kisheria kwa ukiukaji mkubwa au unaorudiwa: usizidi nusu, usizidi siku 60, na Bunge la Taifa na Seneti yauidhinishe ndani ya siku 30 baada ya ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti na kaunti kusikilizwa (225). Kaunti inaweza kukopa tu ikiwa serikali ya kitaifa inadhamini na bunge la kaunti limeidhinisha (212)."

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, lakini bado mtu anausoma kwa dakika moja. Kila dai lina namba ya kifungu. Namba hizo si mapambo. Mtu akiulizwa kikaoni "hilo limeandikwa wapi?", analo jibu, na anayetaka kuhakikisha hahitaji kusoma vifungu vyote 31.

Kukagua pande mbili

Muhtasari ukiisha, ukaguliwe kwa njia mbili, na mtu ambaye hakuuandika.

Njia ya kwanza ni kutoka kwenye muhtasari kwenda kwenye waraka. Mkaguzi huchukua kila sentensi, hufungua kifungu kilichotajwa na kuuliza kama kifungu kinasema hivyo. Hii hukamata maneno yaliyoongezwa au kupotoshwa.

Njia ya pili ni kutoka kwenye waraka kwenda kwenye muhtasari. Mkaguzi hupitia waraka akitafuta namba zote, tarehe zote, na maneno kama "isipokuwa", "angalau", "hautazidi" na "kwa idhini ya". Kwa kila moja anauliza: liko katika muhtasari, au liliachwa kwa makusudi? Hii hukamata yaliyodondoka. Vikundi vingi hufanya ukaguzi wa kwanza pekee, na ndiyo maana makosa ya kuacha hudumu kuliko makosa ya kuongeza. Muhtasari wa kwanza wa majirani wetu ungeweza karibu kupita ukaguzi wa kwanza, lakini ungeanguka mara moja katika wa pili, kwa sababu zile siku 30 za idhini ya Bunge hazimo popote ndani yake.

Waraka ukiwa mkubwa zaidi

Makadirio ya bajeti au Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano unaweza kuhitaji wasomaji kumi au zaidi, na hivyo kuunganishwa kwa ngazi mbili: vikundi vidogo kwanza, kisha wote. Hapa kanuni ni moja. Kinachopanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili ni kadi, si aya. Muhtasari wa muhtasari hupoteza masharti mara mbili, na anayeunganisha mwishoni hana njia ya kujua kilichoachwa mwanzoni.

Kwa bajeti, kuna kipimo cha ziada ambacho sheria haina, nacho ni jumla. Matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo ya idara zote, yakijumlishwa kutoka kwenye kadi, lazima yafikie jumla iliyochapishwa kwenye waraka. Jumla ya kadi ikizidi, kuna mradi uliohesabiwa mara mbili, mara nyingi kwa sababu umetajwa chini ya idara na tena chini ya wadi. Ikipungua, kuna fungu ambalo halikusomwa.

Hata hapo masharti yaangaliwe. Sheria ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo, lakini kwa kipindi cha muda wa kati. Muhtasari unaosema "kila mwaka" umebadilisha sheria, na mkazi anayeutumia kupinga bajeti ya mwaka mmoja atajibiwa kwa urahisi.

Njia hii ina mipaka yake. Haimwezeshi mtu kujua jambo ambalo waraka haukuliandika, wala haichukui nafasi ya wakili pale suala linapofika mahakamani. Pia haifai kwa waraka mfupi. Wa kurasa kumi au kumi na tano, ni haraka zaidi kila mmoja kuusoma wote.

Kupata nyaraka

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inamtaka afisa aliyepokea ombi aamue ndani ya siku 21. Kwa kuwa muda wa maoni kuhusu bajeti unaweza kuwa mfupi kuliko huo, wakazi wa Makongeni na mitaa mingine wanashauriwa kuomba waraka mapema katika ofisi ya msimamizi wa wadi, na kuomba waraka wote pamoja na viambatisho vyake. Nakala isiyo na viambatisho ni sawa na Katiba isiyo na Jedwali la Sita: kinachokosekana kinaweza kuwa ndicho kinachobadilisha maana ya kilichopo.